Karakana ya kuchomelea: kaunta buku, kadi za stoo au Google Sheets kwa vijiti, gesi na diski?

Chuma_Nzuguni (mwanzisha mada)
Wakuu habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Dodoma, tunachomelea mageti, madirisha na matela. Kazi zipo, lakini nikikaa kupiga hesabu ya mwezi sioni faida inaendana na jasho. Vijiti vinaisha, diski zinaisha, gesi inaisha, glavu ndiyo usiseme. Nataka nianze kuandika kila kinachotumika kwa kila kazi. Nimebaki na njia tatu: kaunta buku moja kwa kila kitu, kadi ya stoo kwa kila bidhaa, au nitengeneze kwenye Google Sheets niwe najaza kwa simu. Ipi inafaa? Mwezi ukianza nataka niwe nimeshaamua.

Baba_Ihumwa
Kaunta buku mkuu. Haiishiwi chaji.

Mpiga_Moto
Chukua inverta ya ampea 250, zile za transfoma zinakula umeme sana. Mimi nilibadilisha na sasa hivi napumua.

Chuma_Nzuguni
@Mpiga_Moto kaka mashine ninazo. Naulizia karatasi ya kuandikia matumizi.

Stoo_Kongwa
Mkuu hujatuambia mambo ya msingi. Mafundi wangapi? Ufunguo wa stoo anao nani? Gesi unayosema ni ya MIG au oksijeni na asetilini za kukatia? Na kila kazi ina namba, au mnasema tu "lile geti la yule mama"? Kama kazi hazina namba, hata ukiwa na kompyuta ya benki haitakusaidia.

Chuma_Nzuguni
Mafundi wanne na vijana wawili. Stoo ni kabati, ufunguo unaning'inia ukutani, kila mtu anachukua. Gesi ni CO2 ya MIG kwa matela, na seti moja ya oksijeni na asetilini. Namba za kazi hatuna.

Baba_Ihumwa
Ufunguo ukutani! Mdogo wangu, wewe hutafuti karatasi, unatafuta kufuli.

Dada_Hesabu
Mimi natunza hesabu za karakana mbili, moja iko Mkonze. Naomba nisichague upande kwanza, nikuonyeshe kazi moja jinsi ilivyoandikwa, ndipo utajua unahitaji nini.

Ni geti la futi 12 kwa 7, la Iyumbu. Tuliipa namba K-014. Fundi alipewa vijiti vya 2.5 kwa uzito, kilo 2 kamili. Kazi ilipokwisha akarudisha vizima gramu 400, kwa hiyo vilivyotumika ni kilo 1.6. Kwa bei ya 6,000 kwa kilo, hiyo ni 9,600. Diski za kukatia za inchi nne na nusu zilikwenda 5 za 2,000, diski ya kusagia moja ya 3,000, na ya msasa moja ya 4,000. Diski peke yake ni 17,000. Jumla ni 26,600.

Mwenye karakana wakati anampa mteja bei alikuwa amehesabu "vijiti pakti moja", yaani 15,000, akafunga mjadala. Diski hakuzitaja kabisa. Kwenye geti lile diski zilikula karibu mara mbili ya vijiti, kwa sababu mabomba yote yalikatwa kwa grainda ya mkono. Kaunta buku ya "leo tumenunua pakti 3 na diski 10" isingeonyesha hilo hata siku moja. Unachohitaji ni kilichotoka, kilichorudi, na namba ya kazi kwenye mstari mmoja. Hiyo inawezekana kwenye daftari, inawezekana kwenye simu.

Kwenye Sheets mimi natumia tarehe A, kazi B, kitu C, kilichotoka D, kilichorudi E, bei ya kimoja F, gharama G. Halafu fomula mbili tu. Ya kwanza inakaa G2 na kuvutwa chini, ya pili weka kwenye safu ya pembeni ya ukurasa huo huo:

```
=(D2-E2)*F2
=SUMIFS(G:G,B:B,"K-014")
```

Baba_Ihumwa
Dada umeeleza vizuri, lakini fundi mwenye glavu na vumbi la chuma mkononi hawezi kugusa kioo cha simu. Atasema "nitajaza jioni", na jioni ameshasahau. Penseli na daftari juu ya kabati.

Dada_Hesabu
Hapo nakubaliana na wewe mzee wangu. Ndiyo maana asiandike fundi. Anaandika anayetoa vitu.

Ally_Gesi
Upande wa gesi ni rahisi sana wala usijisumbue. Soma geji asubuhi, soma jioni, tofauti ndiyo umetumia. Oksijeni ikiwa baa 150 na sasa iko 120, umetumia moja ya tano ya mtungi. Andika hivyo kwa mitungi yote, kwisha.

Fundi_Mstaafu
Ally, kwa oksijeni uko sahihi. Mtungi wa lita 50 wenye baa 150 una kama lita 7,500, na geji inashuka sawasawa na gesi inavyotoka. Soma asubuhi tu, maana jua la saa saba la Dodoma linapandisha geji bila gesi kuongezeka. Lakini CO2 usithubutu kuihesabu hivyo. Ngoja niwaambie kilichotokea mahali nilipokuwa nimeajiriwa, karakana siitaji.

Bosi alikuwa na karatasi nzuri kweli, imepigwa mistari, kila kazi na geji ya kuanzia na ya kumalizia. Tukaanza na tela kubwa la mizigo. Siku kadhaa tunachoma, geji ya mtungi iko pale pale, kama 55 hivi. Kwenye karatasi tela lile likaandikwa gesi sifuri. Zikafuata meza za shule, geji imeshuka kidogo sana. Halafu akaja mtu na kazi ya kuunga mguu wa jenereta, kazi ya dakika chache. Fundi aliyekuwa zamu ameanza tu, geji ikaporomoka mpaka chini, na mshono ukawa na vitundu kama mkate wa kumimina. Karatasi ikaonyesha kwamba mguu wa jenereta umekula mtungi mzima!

Bosi akasema fundi ameacha valvu wazi usiku au ameuza gesi. Yule kijana akajitetea, hakuna aliyemsikiliza, akakatwa kwenye mshahara. Mwezi huo huo akaondoka, na alikuwa ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sisi wote. Na gesi haikuibiwa. CO2 ndani ya mtungi imekandamizwa hadi kuwa kimiminika, kama maji. Inayotumika juu inajazwa na maji yanayogeuka gesi chini, ndiyo maana geji inasimama palepale mpaka maji yaishe, kisha inaanguka ghafla. Tela ndilo lililokula mtungi.

Ally_Gesi
Sasa utapimaje mkuu? Upige mtungi makofi usikilize?

Fundi_Mstaafu
Kwa mizani. Zile za kielektroniki wanazopimia magunia ya mahindi pale Kibaigwa zinatosha. Ondoa regyuleta, pima mtungi kabla ya kazi, pima baada. Ukiwa 61.4 ukabaki 59.9, umetumia kilo 1.5. Hiyo ni kama lita 800 hivi. Kama mashine mmeiweka lita 12 kwa dakika, ni saa moja na kidogo ya moto kuwaka. Ukijua kazi ile haikuwaka zaidi ya nusu saa, basi kuna mpira unaovuja, paka povu la sabuni kwenye maungio utaona. Asetilini nayo pima kwa mizani, kwa sababu imeyeyushwa kwenye asetoni ndani ya mtungi na geji yake inayumba na joto. Mtungi wake usiulaze tu.

Chuma_Nzuguni
Hii sikuwa naijua kabisa, asante mzee. Kila kazi nipime mtungi?

Fundi_Mstaafu
Kazi kubwa tu. Vidogo vidogo viweke pamoja kwa wiki, ugawanye.

Stoo_Kongwa
Kuhusu vijiti niongeze, rudisha vipisi. Fundi haongezewi vijiti mpaka alete kopo la vipisi. Kijiti cha urefu wa milimita 350 kikibaki kipisi cha 50 ni sawa. Ukiona vipisi vya 120, ama anatupa ovyo ama umeme umeshuka, kijiti kinanata na dawa inabanduka. Na vipisi vikiwa pungufu kuliko vijiti vilivyotoka, kuna kijiti kimekwenda kuchomea kwingine.

Mpiga_Moto
Mafundi wazima kuhesabiana vipisi! Mimi ningeacha kazi siku hiyo hiyo.

Stoo_Kongwa
Na ungeondoka na vijiti vya nani?

Baba_Ihumwa
😂😂

Grainda_Kubwa
Mbona hakuna aliyesema ujanja wa diski? Diski ya inchi 9 ikiliwa hadi kuwa ndogo, mnaifunga kwenye grainda ndogo, tundu ni lile lile. Hapo unapata diski ya bure, karatasi haiguswi.

Fundi_Mstaafu
Soma maandishi ya diski. Ile ya inchi 9 imeandikwa mizunguko 6,600 kwa dakika, grainda ndogo inazunguka kama 11,000. Na ili iingie lazima uvue kinga yake.

Grainda_Kubwa
Lakini imeshakuwa ndogo mzee, ukingoni kasi inapungua. Nimefanya miaka na macho yangu yote mawili yapo.

Fundi_Mstaafu
Kasi ya ukingo sawa, lakini hiyo diski imeshachoka na kugongwa, na hujui ina ufa. Endelea kuyahesabu macho.

Dada_Hesabu
Turudi kwenye mada jamani. Vifaa vya kinga usiviandike kwa kazi, viandike kwa mtu. Glavu za ngozi, kioo cheupe cha mbele ya kile cheusi, miwani, buti: jina, tarehe aliyopewa, na kile cha zamani kirudi. Mwisho wa mwezi gharama yote unaigawanya kwenye kazi kwa siku za fundi. Kwetu tuligundua jamaa mmoja anamaliza vioo vyeupe kuliko wenzake. Alikuwa anasagia akiwa na helmeti ya kuchomelea, cheche zinakichafua kioo, kwa sababu hakuwa na miwani ya kusagia.

Mpiga_Moto
Glavu wakatwe wenyewe kwenye posho, wataheshimu.

Stoo_Kongwa
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. OSHA wakipita utawaambia hiyo ya posho?

Mpiga_Moto
Anayepewa bure anapoteza. Hilo sheria haijui.

Chuma_Nzuguni
Wakuu nimesoma zote. Kesho nanunua kufuli, na kijana mmoja atakuwa anatoa vitu na kuandika kwenye daftari lenye safu za dada, mimi nahamishia kwenye Sheets Jumamosi. Kadi za stoo bado sijaona kazi yake.

Stoo_Kongwa
Kazi yake ni kukuonyesha salio bila kufungua kabati. Ulichoanza nacho, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki: hiyo ndiyo imetumika kweli. Ilinganishe na jumla ya daftari. Zikitofautiana pakti nzima, huyo kijana wako mwenye ufunguo ndiye wa kuulizwa.

Chuma_Nzuguni
Kijana ni mtoto wa dada yangu.

Baba_Ihumwa
Basi nunua kufuli mbili.

Ally_Gesi
Mizani ya gunia mnapata bei gani siku hizi? Na Sabasaba nani ana diski za kukatia ambazo tarehe yake kwenye kile kipete cha chuma katikati haijapita? Nilizouziwa juzi zimeisha muda.