Mtafsiri kanikatalia mkataba kwa sababu ya picha

Baba Neema, Leicester

Wakuu, habari za wikendi. Mwaka jana niliuza kiwanja Kigamboni, sasa nanunua nyumba huku. Wakili wa hapa anataka kujua fedha zimetoka wapi, na mkataba wa mauziano ni wa Kiswahili. Mdogo wangu akaupiga picha, akanirushia WhatsApp, nami nikampelekea dada mmoja mtafsiri mwenye ofisi Posta. Kurasa nne tu! Akanijibu: "Shikamoo kaka. Ukurasa wa pili hausomeki, naomba nakala nyingine." Nikamwambia bei ni milioni themanini na tano, mimi ndiye niliyeuza, andika. Kagoma. Wiki ya pili hii. Nani anamjua mtafsiri asiye na maringo?

Shangazi Zuhura, Toronto

Pole mwanangu. Cheti changu cha kuzaliwa nacho kilirudishwa, wameandika Zuhra na pasi inasema Zuhura. Nenda RITA watakupa kipya.

Chande, Birmingham

Shangazi, RITA na mkataba wa kiwanja wapi na wapi! Kaka, huyo dada angeandika [haisomeki] akaendelea, ndiyo kawaida yao. Tena bei huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, moja ikififia nyingine inakuokoa. Au pitisha picha kwenye programu ya kusafisha.

Dada wa Posta, Dar

Mwenye maringo ni mimi. Shikamooni.

Kaka Chande, [haisomeki] naitumia sana, kwa mhuri uliofifia au saini ya shahidi. Nikiiweka kwenye bei, wakili wa Leicester atakuwa amelipia karatasi isiyomwambia kitu.

Na maneno hayakuniokoa. Mhuri wa wakili umeangukia tarakimu ya kwanza, na chini ya wino ule wa bluu 3 na 8 ni ndugu. Nikakimbilia maneno: mkunjo wa karatasi umepita katikati ya neno, limebaki "the", ukungu, kisha "ni". Thelathini huanza hivyo na kuisha hivyo, na themanini vilevile. Nilikuza picha mpaka ikawa vigae. Nikaona kama kuna herufi ndefu zimesimama katikati, kama l, t na h za thelathini, maana katikati ya themanini herufi zote ni fupi. Lakini "kama" siwezi kuitia saini. Tafsiri ya kutumika Uingereza naandika chini yake kwamba ni sahihi na inafuata waraka wa asili, naweka tarehe, jina na mawasiliano yangu. Kaka anakumbuka alichouza, sawa, ila mimi natafsiri karatasi, sitafsiri kumbukumbu.

Programu ya kusafisha inakoleza kingo za ukungu tu, herufi ambayo kamera haikuishika hairudi. Usafi wenyewe nao unaweza kudanganya: mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha mashine za kuskani zilizokuwa zikigeuza 6 kuwa 8, na ukurasa ukitoka unang'aa.

Kaka, mwambie mdogo wako aende stesheneri yoyote, waunyooshe, waskani kwa rangi, nukta 300 kwa inchi. Rangi ni muhimu, wino wa bluu utajitenga na maandishi meusi. Kisha aitume WhatsApp kama hati. Akiituma kama picha, itabanwa na tutarudi palepale.

Baba Neema, Leicester

Marahaba dada, yaishe. Kijana kaenda leo, nimekutumia.

Dada wa Posta, Dar

Imefika, inasomeka vizuri mno. Kaka, kaa chini kwanza. Tarakimu ni 85,000,000. Maneno ni "shilingi milioni thelathini na tano".

Chande, Birmingham

Aisee! Ila maneno hushinda tarakimu, hiyo ni sheria.

Dada wa Posta, Dar

Huenda, kaka, lakini hilo ni la mawakili kubishania. Mimi nimeandika zote mbili kama zilivyo, na maelezo ya mtafsiri kwamba ndivyo waraka wa asili unavyosomeka. Ningemsikiliza kaka ningekosea maneno, ningefuata macho yangu ningekosea tarakimu.

Baba Neema, Leicester

Wakili aliyeuandaa anasema karani wake alichukua mkataba wa mtu mwingine akabadilisha tarakimu, maneno akayasahau. Yuko tayari kuandaa marekebisho, ila lazima mnunuzi naye asaini, na simu hapokei. Kijana yuko kwenye pantoni sasa hivi, anavuka kwenda kumgongea.

Shangazi Zuhura, Toronto

Kwani RITA wamesemaje?