Naomba ushauri: koti ya mvua ya dola 45 ao niendelee na hizi za dola 7?

motari_katindo
Bandugu muko aje. Mimi niko motari hapa Goma, kazi yangu ni Katindo, Birere, Majengo, popote kiliya ananipeleka. Kila mvua zikianza mwezi wa 9 nanunua ile seti ya plastiki, koti na suruali, dola 7. Haimalizi. Kwanza inapasuka chini ya kwapa, kisha katikati ya miguu juu ya kupanda na kushuka moto, nafunga na skochi, nanunua ingine, kwa mwaka naenda tatu hivi. Sasa kuna muuzaji eko na seti nzito, kitambaa chenye PVC juu, anaomba 45 na anasema itaishi miaka 5. Bibi yangu anasema 45 ni pesa ya masomo, nisicheze nayo. Nyinyi munahesabu aje kitu kama hii?

papa_espe
Mdogo wangu hapa hakuna hesabu. Rahisi ghali. Tatu kwa mwaka ni dola 21, mara miaka 5 ni 105. Huyu anakuomba 45. Nunua leo jioni, kesho mvua itakukuta tayari.

kijana_lushi
Mimi niko Lubumbashi, huku baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inaua asubuhi, nilinunua jaketi kubwa ya manyoya ndani, iko poa sana, nakushauri hiyo, joto ile mbaya

motari_katindo
Yaya aksanti lakini naongea koti ya mvua, si ya baridi 😅

fundi_birere
Papa Espe heshima yako, kuzidisha umezidisha vizuri, ila ile miaka 5 umeichukua kwa mdomo wa muuzaji. Hapo ndipo watu wanalia.

Mimi nashona na kutengeneza makoti ya mamotari, nayaona yanaporudi. Usigawanye bei kwa miaka, gawanya kwa siku unavaa kweli. Goma kiangazi ni mwezi wa 6 mpaka wa 8, miezi ingine mvua inakuja inaenda, tuseme motari anavaa siku 120 kwa mwaka. Za plastiki zinakula dola 21, kwa hiyo kila siku ya kuvaa inakugarimu karibu senti 18. Hiyo ndiyo namba ya kushinda.

Sasa ile ya 45, ongeza dola 5 ya kuitengeneza njiani juu lazima itaguswa, inakuwa 50. Ikiishi miaka 2 tu, ni siku 240, unalipa senti 21 kila siku. Umeshindwa na plastiki! Ikifika miaka 3, senti 14, hapo umeshinda. Mpaka uko siku ya 286 hivi, maana yake miaka miwili na miezi kama mitano. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama koti iko nguvu, ni kama itapita hapo, kwa mgongo wa motari, si kwa mgongo wa mwalimu.

Na motari anaua koti pahali panajulikana. Mguu unagusa bomba ya moshi, PVC inayeyuka palepale. Makalio yanasuguana na kiti siku nzima na vumbi ya mawe yetu katikati, ni kama msasa. Mara nyingi suruali inakufa mbele ya koti, kwa hiyo uliza kama anauza suruali peke yake, ukiambiwa hapana, toa mwaka mmoja kwa hesabu yako.

papa_espe
Sawa fundi, lakini hukuhesabu saa anasimama bila kazi juu koti imepasuka na mvua inapiga. Hiyo nayo ni pesa.

fundi_birere
Kweli kabisa. Mwenyewe anajua anapoteza kiasi gani, mimi sijui, ila hiyo inasukuma upande wa koti nzito. Upande wa plastiki kuna kitu ingine: ukiibiwa ya 7 umeibiwa 7. Ya 45 ukiiacha ku parkingi mara moja, hesabu yote imeisha.

mama_neema_bkv
Bukavu hapa. Mimi nilinunuliaga mtoto koti nguvu ya bei kwa ajili ya shule, nzuri, haikuchanika hata, lakini mwaka uliofuata mikono imefika kiwiko. Nikauza nusu bei kwa jirani. Mtoto anayekua mununulie ya bei ndogo, mwili wake hautangoja koti.

motari_katindo
Mama Neema kweli hiyo. Fundi, sasa unanichanganya na unanifungua macho pamoja 😂 Nimepita ku chaguwa nikaona koti ingine ya mutumba, ya Ulaya inaonekana, nzito, dola 18, zipu ndiyo imekufa. Hiyo je?

fundi_birere
Zipu weka 3, inakuwa 21, pesa ileile ya plastiki ya mwaka mmoja. Ikikupitisha siku 120 umetoka sawa, za nyuma zote ni faida. Kwa bei, mimi ningependa hiyo kuliko ya 45.

Lakini angalia hapa vizuri. Makoti mengi ya Ulaya maji yanazuiwa na ngozi nyembamba ya poliyuretani iliyopakwa ndani. Ile ngozi inazeeka na unyevu na joto hata kama koti imelala kwa kabati bila kuvaliwa, kwa hiyo koti inaweza kuonekana mpya nje na imeshakufa ndani. Igeuze. Pitisha kidole: ikinata kama peremende iliyolowa, ao unaona magamba meupe yanatoka, ao inanuka uchachu, iache hata akikupa kwa 5. Hakuna fundi atakayekurudishia hiyo. Kisha fuata mishono, ndani kuna utepe umebandikwa, ukiona umeinuka mahali padogo inabandikwa tena, ukiona umeinuka mgongo mzima muachie.

Kisha chukua chupa ya maji, kunja kitambaa kama bakuli, mimina kidogo ngoja dakika chache, shika chini. Kitambaa cha nje kikilowa tu si kitu, uliza mkono wa chini kama umelowa.

kijana_lushi
na ikichanika unashona ao unabandika?

fundi_birere
Ukishona kila tundu ya sindano inapitisha maji, lazima upake gundi juu ya mshono. Na usiende na gundi ya kiraka cha tairi kwa PVC, inashika leo, kesho inabanduka, tafuta gundi ya PVC. Pia usiiache imekunjwa, plastiki inapasuka kwa mikunjo. Ining'inize kivulini, jua inaikausha mpaka inakuwa kama kadi.

papa_espe
Mimi bado nasema 45. Mvua ya Goma si ya kujaribisha na mutumba.

motari_katindo
Nitapita na chupa ya maji kesho saa mbili mbele ya kiliya. Nimeuliza huyu wa 45 kama anauza suruali peke yake, amesema hapana.