480,000 imekatwa kwenye simu, benki haijaingia. Iko upande gani?

MchuuziKibaigwa
Wakuu, habari za asubuhi. Jana Ijumaa saa 3:52 usiku nimehamisha 480,000 kutoka kwenye simu kwenda akaunti yangu ya benki. Salio lilikuwa 512,300, sasa linasoma 26,300. Ujumbe wa mtandao umekuja na namba ya muamala, wa benki haujaja mpaka sasa. Mtandao wanasema pesa imeshaenda, benki wanasema hawajaipokea. Jumatatu natakiwa kulipia magunia ya mahindi sokoni. Nimbane nani?

Chilonwa88
Subiri saa 24 mkuu, itajirudi yenyewe. Muamala ukifeli mfumo unarudisha.

MamaZabibu
Mimi nilituma kwa namba ya mtu mwingine, nikawahi kuomba kurudishiwa, ikazuiwa kabla hajaitoa. Fanya hivyo hivyo mdogo wangu.

MhasibuMakole
Dada Zabibu, hiyo ni ya kukosea namba. Huyu ametuma kwenye akaunti yake mwenyewe.

Chilonwa, umepatia nusu. Inajirudi pale benki inapojibu kwamba imekataa, tuseme akaunti imefungwa. Shida ni benki isipojibu kabisa. Mtandao unangoja kwa muda mfupi, ukiisha haujui kama benki imeiandika au la, hivyo hauthubutu kurudisha. Ukirudisha kumbe benki iliandika, pesa imelipwa mara mbili. Na usiku ndipo benki zinafunga hesabu za siku, majibu huchelewa.

Mchuuzi, toa 26,300 kwenye 512,300 unapata 486,000, yaani pesa yako na makato ya 6,000. Kwako imetoka. Usiwaulize tena mtandao kama imeenda. Waulize mawili: muamala unasomeka umekamilika au unasubiri? Na kuna namba ya kumbukumbu iliyotoka benki? Ukiwa unasubiri, pesa bado wanayo wao. Ukiwa umekamilika na namba ya benki ipo, benki ilipokea na kujibu, kambane huko. Na tafadhali usijaribu kutuma tena kwanza.

MchuuziKibaigwa
Nimepiga. Wanasema umekamilika, ila sehemu ya kumbukumbu ya benki iko tupu.

MhasibuMakole
Basi wote wawili wamekuambia kweli. Benki ina akaunti yake ya kukusanyia ndani ya mtandao. Pesa imetoka kwako ikaingia humo, kilichokwama ni taarifa ya kuiambia benki iandike kwenye akaunti yako. Mhudumu wa dirishani akifungua akaunti yako haoni kitu, anasema hatujapokea. Anachomaanisha ni kwamba haipo kwenye akaunti yako. Haina maana kwamba benki haina.

Kwa hiyo ukifika tawini usimpe namba ya akaunti peke yake. Mpe namba ya muamala, tarehe, saa na kiasi, umwombe apeleke kwa wanaolinganisha miamala ya simu makao makuu. Wao wanaweka taarifa ya mtandao kando ya daftari la benki, na muamala uliopo huku na kukosekana kule unaonekana. Namba inakili kutoka kwenye ujumbe wenyewe, usiisome kwa mdomo. Herufi O ikiandikwa sifuri, watatafuta na kukuambia hakuna.

Chilonwa88
Sasa kama iko ndani ya mtandao, si mtandao waitoe tu?

MhasibuMakole
Iko kwenye mfumo wao lakini akaunti ni ya benki. Hawawezi kuchota humo bila benki kukubali.

DirishaNambaTatu
Hapo napingana kidogo. Nimeshaona miamala ya namna hii ikirudishwa na mtandao siku ya kazi iliyofuata, mteja hajafika hata benki. Inategemea walivyokubaliana. Ningefungua malalamiko pande zote mbili na kuchukua namba ya malalamiko kila upande.

MhasibuMakole
Inawezekana, mikataba yao haifanani. Afungue kote, ila asiombe kitu kilekile. Benki aombe kuandikiwa, mtandao aombe uthibitisho wa maandishi kwamba umekamilika. Akiomba kurudishiwa huku na kuandikiwa kule, vinaweza kufanyika vyote, halafu mmoja aje amkate baadaye wakati pesa ameshanunulia mahindi.

MchuuziKibaigwa
Nimeelewa. Jumatatu asubuhi niko tawini. Nitajuaje kama wameandika, maana ujumbe wao haueleweki?

DirishaNambaTatu
Omba taarifa fupi ya akaunti, usitazame salio tu. Tafuta mstari wa 480,000 wenye namba yako ya muamala. Tarehe inaweza kusoma Jumatatu badala ya Ijumaa, usiogope. Na akikupigia mtu akitaka namba ya siri ili "akufungulie muamala", kata simu.

MchuuziKibaigwa
Na ile 6,000?

MhasibuMakole
Ikiandikwa benki, makato hayarudi, maana huduma imetimia. Ikirudishwa kwenye simu, hakikisha imerudi 486,000. Ikirudi 480,000, dai iliyobaki kwa namba ileile ya malalamiko.