Wamormoni walifukuzwa Missouri kwa ajili ya imani au kwa ajili ya ardhi na kura?

Chausiku: Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, aliamuru Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith, waangamizwe au watolewe jimboni. Nchi yenye uhuru wa dini kwenye katiba! Kosa lao lilikuwa kile Kitabu cha Mormoni wanachokiona maandiko matakatifu, au kulikuwa na jingine? Wenye maoni tofauti karibuni.

Baba Neema: Ni wake wengi. Nani anataka jirani mwenye wake kumi?

Mzee wa Tabora: Hapana, Baba Neema, unachanganya miaka. Ndoa za wake wengi zilileta moto Illinois, walikohamia baada ya Missouri, mwaka 1844, gazeti moja la mji wao wa Nauvoo lilipozianika. Baraza la mji likaamuru mtambo wa gazeti uvunjwe, Joseph Smith akawekwa jela ya Carthage, na tarehe 27 Juni genge likamuua humo pamoja na kaka yake Hyrum. Kanisa lenyewe halikutangaza ndoa hizo hadharani hadi 1852, wakiwa Utah.

Missouri ilianza mapema. Mwaka 1831 Smith alitangaza kwamba Sayuni itajengwa Independence, wilaya ya Jackson. Waumini wakamiminika, wengi kutoka New York na Ohio, wakakuta wenyeji waliotoka kusini, na Missouri lilikuwa jimbo lililoruhusu utumwa. Askofu wao, Edward Partridge, hakuwa mtu wa mahubiri tu. Ndiye aliyenunua ardhi kwa jina la kanisa na kuwagawia waumini. Kufikia 1833 walikuwa 1,200 hivi, na mwenyeji yeyote angeweza kupiga hesabu: miaka michache tena, hakimu na mkuu wa polisi watakuwa wao. Julai mwaka huo gazeti lao likachapa makala kuhusu watu weusi huru wanaotaka kuhamia Missouri. Wenyeji wakaisoma kama mwaliko. Mtambo ukavunjwa, Partridge akapakwa lami na manyoya, na Novemba wote wakatimuliwa wilayani, wakahamia wilaya nyingine za Missouri.

Chausiku: Kwa hiyo dini ilikuwa kisingizio?

Mzee wa Tabora: Sisemi hivyo. Tamko la wenyeji lenyewe liliwalaumu kwa kudai ufunuo na miujiza, na kwa kusema Mungu amewapa nchi hiyo. Ukiwa na shamba pale, imani ya namna hiyo inakugusa mfukoni.

Dada Akinyi: Mimi ni mshiriki wa kanisa hilo huku Nairobi. Askofu wa kata yetu ni fundi umeme, halipwi hata senti, na hanunulii mtu kiwanja. Mbona mnatuchora kama chama cha siasa?

Mzee wa Tabora: Dada, cheo ni kilekile ila kazi imebadilika. Nazungumzia miaka ya 1830.

Ustadh Juma: Swali la msingi hamjaligusa. Hicho kitabu ni cha kweli au si cha kweli? Mabamba ya dhahabu ambayo Smith alisema amekitoa humo yako wapi?

Chausiku: Ustadh, hilo lifungulie uzi wake. Hapa tunauliza kwa nini walifukuzwa.

Wakili Mtundu: Mzee anawaonea huruma mno. Mwaka 1838 hawakuwa kondoo. Sidney Rigdon, msaidizi mkuu wa Smith, alihutubia tarehe 4 Julai akitishia vita vya maangamizi dhidi ya atakayewagusa. Wakaunda kikundi cha siri cha mapigano, kilichoitwa Wadani. Oktoba wakachoma maduka na nyumba mji wa Gallatin, kisha wakashambulia kikosi cha wanamgambo wa jimbo kwenye Mto Crooked. Gavana gani angekaa kimya?

Mzee wa Tabora: Hayo yote ni kweli. Ila Agosti, siku ya uchaguzi, walizuiwa Gallatin wasipige kura, ngumi na magongo yakatembea. Mwanzoni mwa Oktoba wakazingirwa mji wa De Witt, wakaomba msaada kwa Boggs, hakuwapa. Ni baada ya hapo ndipo wakachoma. Kule mtoni alikufa mwanamgambo mmoja na Wamormoni watatu, lakini habari iliyomfikia gavana ilisema kikosi kizima kimechinjwa. Amri akaitoa tarehe 27. Tarehe 30, kwenye kinu cha Haun, makazi ya Wamormoni, wakauawa 17, mmoja mvulana wa miaka kumi aliyejificha karakana ya mhunzi.

Wakili Mtundu: Na waliofanya hayo walikuwa wameiona amri?

Mzee wa Tabora: Wanahistoria wengi wanaona haikuwa imewafikia. Ndiyo maana mimi natazama zaidi ardhi. Ardhi ya wilaya ya Daviess, penye Gallatin, ilikuwa ya serikali kuu, mnada wake umepangwa Novemba, na aliyekaa juu yake alikuwa na haki ya kununua kwanza. Wamormoni wakaondolewa kabla ya mnada. Nani alinunua?

Wakili Mtundu: Hiyo inaonyesha nani alifaidika, haionyeshi nani alipanga. Jenerali Doniphan, wa wanamgambo haohao, aliagizwa ampige Smith risasi akakataa, akasema ni mauaji. Kama ulikuwa mpango wa ardhi, huyu hakuambiwa?

Baba Neema: Na amri yenyewe ilifutwa lini?

Dada Akinyi: 1976. Gavana Christopher Bond aliifuta na kuomba radhi. Miaka 138, Wakili.