Ninaomba ushauri: mtoto anasema "majino", na ripoti yangu ya upataji wa lugha imekwama

MwalimuMtarajiwa

Ndugu zangu, ninasomea ualimu wa lugha, mwaka wa pili, na zimebaki siku nne kabla ya kuwasilisha ripoti. Tulitakiwa kumchunguza mtoto mmoja, kisha tuseme ni nadharia ipi, kati ya ile ya utabia, kwamba lugha hujengwa kwa tuzo, na ile ya uasilia, kwamba mtoto huzaliwa na msingi wa lugha, inayoeleza vizuri zaidi jinsi anavyoipata lugha yake. Nimemchunguza mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka mitatu. Jino likiwa moja analitaja bila shida, lakini yakiwa mengi husema "majino".

Kwa muda wa wiki sita nilikuwa nikimwonyesha picha za meno, mara 10 kila wiki. Aliposema "majino" nilimsahihisha, na aliposema "meno" nilimpigia makofi. Makosa yalikuwa 9, kisha 8, 6, 4, 2 na mwisho 1. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba Skinner, mtetezi wa utabia, alikuwa sahihi: tuzo ndiyo iliyojenga tabia. Tatizo ni kwamba mkufunzi wangu ameisoma rasimu na pembeni mwa jedwali ameandika neno moja tu: "Kabla?" Je, niongeze maelezo ya kitabu cha Skinner cha 1957, au nipunguze sehemu ya Chomsky, mtetezi wa uasilia, ili hoja isionekane inayumba?

BabaWaWawili

Pole kwa mashaka, kijana. Mimi wangu wa pili ana miaka miwili na nusu, anasikia lugha mbili nyumbani, na hadi sasa anachanganya maneno ya lugha zote katika sentensi moja. Wakwe wananiambia nimemharibu. Ningependa kujua kama hiyo picha na makofi inaweza kumsaidia, maana naona kwako imefanya kazi ndani ya wiki sita.

KasukuSiMtoto

Ndugu mwandishi, umechelewa kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1959 Chomsky alikichambua kitabu hicho na hakukiachia pa kusimama. Skinner anasema mtoto huiga kama kasuku, lakini hakuna mtu mzima anayesema "majino". Basi hakuiga, na kama hakuiga, amezaliwa na sarufi kichwani. Geuza hitimisho lako ulale usingizi. Vijana wa siku hizi mnataka nadharia ifuate jedwali kabla hamjasoma.

BiSarufi

Kasuku, mwanangu, umepatia nusu. Kwanza, Skinner hakuweka mzigo wote kwenye kuiga. Aliuweka kwenye matokeo, yaani kinachofuata baada ya mtoto kutamka. Kwake yeye mtoto anaweza kutamka jambo ambalo hakulisikia, na jamaa zake wakalipokea au wakalipuuza. Kwa hiyo kusema tu "hakuisikia" hakumwangushi. Pili, kutoka "hakuiga" hadi "amezaliwa nayo" kuna mto mpana, nawe umeuruka bila daraja.

Sasa nirudi kwako, Mtarajiwa. Nimesahihisha ripoti za namna hii kwa miaka mingi, na nadhani ninaielewa "Kabla?" ya mkufunzi wako. Hakuulizi kuhusu vitabu. Anakuuliza mtoto huyo alikuwa akisema nini kabla ya wiki yako ya kwanza.

MwalimuMtarajiwa

Shikamoo, Bi. Nashukuru. Lakini uchunguzi wangu ulianza wiki ya kwanza, na swali halikututaka turudi nyuma. Nikianza kuchimba ya zamani, ripoti itazidi kurasa zinazoruhusiwa.

BiSarufi

Marahaba. Sijakuuliza kurasa. Nimeuliza alikuwa akisemaje.

MwalimuMtarajiwa

Sawa, niseme ukweli. Dada yangu humrekodi mtoto kwenye simu. Katika rekodi mbili, alipokuwa na miaka miwili na miezi michache, anasema "meno". Yaani alikuwa akipatia, kisha akaanza kukosea. Sikuliandika hilo kwa sababu nilidhani ni bahati tu, na pia kwa sababu lingeivuruga picha ya makosa yanayopungua. Sioni kama ni udanganyifu. Kila mtafiti huchagua mahali pa kuanzia.

BiSarufi

Umeificha lulu chini ya godoro, mwanangu. Hilo uliloliacha ndilo lenye uzito kuliko jedwali lako lote.

Tazama mwendo wake: amepatia, amekosea, kisha amepatia tena. Nadharia ya tuzo inapata shida katikati. Neno "meno" lilikuwa likieleweka, na kila aliyelisikia alimjibu mtoto vizuri. Kwa nini aliache neno linalolipwa na kushika lisilolipwa? Maelezo ya kawaida ni kwamba mwanzoni "meno" lilikuwa donge moja tu, neno alilolishika zima bila kujua kwamba ni wingi wa kitu. Baadaye akagundua kwamba jina huwa majina, jani huwa majani, jibu huwa majibu. Akaitumia kanuni ile ile kwenye jino, ikampa "majino". Kosa hilo ni dalili kwamba amepiga hatua, ingawa masikioni linasikika kama amerudi nyuma.

Unaweza kulijaribu hili kwa rekodi ulizo nazo. Sikiliza kama mtoto alikuwa akisema "meno" hata kwa jino moja. Akisema "meno moja", ujue neno lilikuwa donge, na usahihi wake wa zamani ulikuwa wa juujuu. Angalia pia jicho: kama siku zilezile za "majino" alisema pia "majicho", basi ni kanuni inayofanya kazi, wala si neno moja lililomponyoka.

PilipiliKavu

Naomba radhi kwa kuingilia, lakini mimi siamini kwamba mtoto huyu yupo. Tisa, nane, sita, nne, mbili, moja. Nimelea watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuteremka ngazi kwa adabu namna hiyo. Leo anapatia, kesho anakosea kuliko jana, keshokutwa anakataa kuitazama picha na kuondoka na kiatu chako. Tena "kumbukumbu za kabla" zimejitokeza mara tu Bi alipoziulizia. Uzi huu unanuka kazi ya darasani iliyopikwa usiku.

KasukuSiMtoto

Nami nilianza kushuku. Jedwali la kubuni ni dhambi kubwa kwa mtu anayetaka kuwa mwalimu.

MwalimuMtarajiwa

Mtoto yupo, na sijapika. Nakiri jambo moja: wiki ya tano alisema "mameno" mara tatu, nikahesabu kwamba amepatia, kwa kuwa "meno" imo ndani yake. Nikiyahesabu kuwa makosa, wiki hiyo inakuwa 5 badala ya 2, yaani juu ya wiki ya nne. Nilidhani msomaji angeniona sijui kuhesabu.

BiSarufi

Pilipili, hilo la "mameno" linanifanya nimwamini kuliko jedwali lake. Mtu anayebuni hubuni kinachomfaa, na hili halimfai hata kidogo. Mtoto ameweka kiambishi cha wingi juu ya neno ambalo tayari ni la wingi: amelipokea "meno" kutoka kwa makofi yako, lakini kanuni yake bado inadai "ma-". Ulimfundisha neno, hukumfundisha kuiacha kanuni. Mtarajiwa, yape "mameno" safu yake katika jedwali, wala usiyahesabu upande wowote.

PilipiliKavu

Au amesoma mahali kwamba watoto hufanya hivyo. Nami niulize: je, ukiweka picha pembeni na kumwacha acheze, husemaje?

MwalimuMtarajiwa

Kwenye mchezo sikuhesabu. Dada anasema bado husikia "majino".

PilipiliKavu

Basi umepima utiifu wake mbele ya picha. Lugha yake hukuipima.

MzeeKicheko

Samahani, wasomi. Kwetu sisi wazee "majino" ni neno halali kabisa: ni meno makubwa ya kutisha, kama tunavyosema "majicho" kwa macho yaliyotoka nje. Mimi mwenyewe huwatisha wajukuu kwa "nitakung'ata kwa majino yangu", na ninayo mawili tu. Je, hakuna babu katika hiyo nyumba?

BiSarufi

Mzee Kicheko ametania, lakini ametubomolea ukuta. Tulikuwa tukisema hakuna mtu mzima anayelitamka neno hilo, na kumbe wapo. Mtarajiwa, uliza nyumbani kama mtoto amewahi kutishwa kwa "majino". Kama ndiyo, huwezi kulitegemea neno hilo peke yake.

Ndiyo maana mtafiti Jean Berko, mwaka 1958, aliwapa watoto maneno ambayo hayapo katika lugha: alichora mnyama wa kubuni, akampa jina, kisha akachora wawili na kusubiri wingi. Jibu haliwezi kuwa limeigwa. Kwa Kiswahili kuna mtego: ukiuliza "haya ni mawili, ni nini?", umekwisha kumpa "ma-" mdomoni, na ukisema "viwili" umempeleka kwenye "vi-". Chora kitu cha ajabu, sema tu: "Tazama, jidu." Kisha onyesha picha ya vitu hivyo vingi na uulize: "Na hapa unaona nini?" Akisema "majidu", hakuna babu wa kusingiziwa.

KasukuSiMtoto

Kwa hiyo nimeshinda. Ni uasilia.

BiSarufi

La. "Majidu" yataonyesha kwamba ana kanuni, au kitu kinachofanana na kanuni. Hayaonyeshi imetoka wapi. Mwaka 1986 watafiti Rumelhart na McClelland walitengeneza programu ya kompyuta isiyopewa kanuni yoyote. Ilijifunza vitenzi vya Kiingereza kwa mifano tu, nayo ikapitia kupatia, kukosea na kupatia tena. Wakosoaji walisema kuanguka kule kulitokana na jinsi walivyoipangia mifano, na ubishi haujaisha. Hata mshabiki wa sarufi bia, yaani msingi wa sarufi ambao watoto wote husemekana kuzaliwa nao, hadai kwamba mtoto huzaliwa na "ma-". Hiyo lazima aisikie.

BabaWaWawili

Kwa hiyo wangu nimpigie makofi au nisimpigie?

BiSarufi

Mpigie kwa furaha yenu, baba. Kuchanganya lugha mbili katika umri huo ni jambo la kawaida, wala hukumharibu.

MwalimuMtarajiwa

Bi, mkufunzi amekwisha kuiona rasimu inayosema Skinner ameshinda. Nikigeuza sasa ataniona kigeugeu. Nafikiri nitaacha hitimisho lilivyo, na rekodi niziweke kwenye kiambatisho.

BiSarufi

Yeye ndiye aliyeandika "Kabla?". Unamficha nani?

MwalimuMtarajiwa

Nimezisikiliza rekodi usiku huu pamoja na dada. Ya kwanza mtoto ameshika kinywa cha mwanasesere mwenye jino moja lililochorwa, na anasema "meno, meno hii". Ya pili kuna kelele za redio na siwezi kuapa kama ni "meno" au "mameno". Dada anasema ni "meno". Mimi nasikia "ma" mbele yake. Naandika yote mawili. Kuhusu babu, yupo, na amekana.

MzeeKicheko

Hata mimi ningekana.