Nimemwomba mhandisi mstaafu awe menta wangu, amejibu "In shaa Allah" kisha kimya. Nifanyeje?

Binti wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina miaka 26, nina diploma ya ujenzi, kwetu Wete lakini sasa nafanya kazi Unguja kwa mkandarasi mdogo. Tunakarabati nyumba za Mji Mkongwe. Chuoni tulisoma zege na nondo, huku nakutana na kuta za mawe na chokaa na boriti za mikoko. Bosi wangu anajua saruji tu. Juzi tumepiga plasta ya chokaa chumba cha chini, wiki 2 hazijafika imejaa nyufa nyembamba kama nywele, na sina wa kumuuliza.

Yupo mzee mmoja mhandisi, kazi hizi amezifanya miaka mingi. Nilipata nambari yake nikamwandikia: "Shikamoo mzee. Navutiwa sana na kazi zako. Naomba uwe menta wangu, unisaidie nikue katika fani." Akajibu "In shaa Allah mwanangu." Hiyo ni wiki 5 sasa. Nikimsalimia anaitikia, basi.

Jengine, mie ni msichana. Hata akikubali, sijui tukutane wapi watu wasije wakasema.

Mpemba Asilia

Wa alaykum salaam. Mtu mzima hafuatwi kwa simu, anafuatwa kwake. Nenda baada ya Alasiri, mkononi uwe na chochote. Kila Ijumaa msalimie, Idi mpe mkono wa Idi. Ukimheshimu kama mzazi atakushika mkono mwenyewe.

Kijana wa Jang'ombe

Msijidanganye na hawa mamenta. Mie ninaye tangu 2022, ana cheo kikubwa, na hajanitafutia kazi hata moja. Kila nikienda ananiuliza nimesoma nini. Kusoma nimeshasoma, nataka kazi!

Fundi Mkongwe

Binti, hizo nyufa. Ukuta mliulowanisha kabla ya kupiga? Na tabaka lilikuwa nene kiasi gani? Jiwe kavu linanyonya maji ya chokaa yote kwa mara moja. Na ukipiga nene, juu panakauka ndani bado kubichi, lazima pavutane papasuke. Chokaa inapigwa tabaka jembamba, unasubiri, unapiga jengine, na siku za mwanzo unaifunika magunia ya majimaji, hasa upepo wa kaskazi ukivuma. Msije mkaziba kwa saruji. Unyevu ukifungiwa ndani, chumvi inasukuma plasta mpaka ibanduke, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vinaoza.

Mhasibu wa Chake

Mdogo wangu, umeona? Kuhusu umenta umepewa ushauri wa jumla. Kuhusu ukuta, fundi ambaye humjui amekuandikia somo zima. Mzee wako naye ni hivyo hivyo. Neno "uwe menta wangu" limemtwika mzigo asioujua uzito wake: mara ngapi, mpaka lini, afanye nini? Mtu muungwana hawezi kusema hapana, kwa hiyo anasema In shaa Allah.

Mie nimekuwa na mlezi wangu wa kikazi tangu 2018, mkaguzi wa hesabu mstaafu. Sikumwomba ulezi. Nilimwendea na jambo moja: daftari langu na taarifa ya benki vinapishana kwa shilingi 340,000, nimeangalia hundi ambazo hazijalipwa na makato ya benki, bado. Nilichukua karatasi zote mbili. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, "Hii umeiandika mara mbili," dakika 20 tukamaliza. Kilichonirudisha kwake ni ujumbe nilioutuma siku 3 baadaye: "Nimesahihisha, zimewiana. Nimepitia na mwezi uliotangulia, nimekuta kosa jengine la aina ile ile." Akanijibu, "Mwezi ujao njoo na hesabu za robo mwaka." Neno menta hatujawahi kulitamka.

Kwa hiyo mwandikie tena hivi: "Shikamoo mzee. Ni yule binti wa ujenzi. Tumepiga plasta ya chokaa ukuta wa chini, imepasuka nyufa nyembamba. Nadhani tulipiga nene na ukuta ulikuwa mkavu. Nina picha 3. Naomba dakika 20 zako, mahali na wakati unaoona wewe, nijue kama tukwangue yote au tutengeneze palipoharibika." Hapo ana swali la kulijibu, na anaona umeshafikiri kabla ya kumfuata.

Mpemba Asilia, salamu na mkono wa Idi ni haki yake mzee, sipingi. Lakini mie mwaka wa 4 nilibaki na salamu tu kwa miezi 7, kwa sababu maswali ya hesabu yalikuwa yameniishia na nikaona aibu kwenda mikono mitupu. Nilipokwenda nikamwambia kweli: hesabu sasa naziweza, kinachonishinda ni bosi anayetaka nisaini malipo yasiyo na risiti. Tulizungumza saa 2. Swali lilikuwa limebadilika, na mie nilikuwa bado namtazama kama mwalimu wa hesabu.

Mambo ya kompyuta hayajui, na nilipotafuta mtu mwengine wa hayo nilimwambia mapema. Angesikia kwa watu ingemuuma. Kuna na mara moja ushauri wake haukufaa, kanuni zilikuwa zimebadilika tangu astaafu. Nikampelekea kanuni mpya tukaisoma pamoja. Tangu siku hiyo ananiuliza na yeye.

Kijana wa Jang'ombe, huyo anayekuuliza umesoma nini huenda anatafuta la kukusemea kwa watu. Mpelekee kazi moja uliyoifanya kwa mkono wako, aione.

Kijana wa Jang'ombe

Kazi ya kumuonesha nitaitoa wapi na kazi sina?

Fundi Mkongwe

Njoo ubebe chokaa, utaonesha ukuta.

Binti wa Wete

Ahsanteni sana. Fundi, kweli ukuta hatukuulowanisha, na tulipiga tabaka moja tu, nene kama kidole gumba. Na suala la kukutana je?

Mhasibu wa Chake

Mie nilikuwa nakwenda kwake mchana, mkewe yupo, nasalimia kwanza ndani ndipo tunakaa barazani. Mkewe ndiye siku hizi ananipigia simu nikichelewa. Kwa kazi yako, ukuta wenyewe ni mahali pazuri zaidi, mafundi wapo na kila mtu anaona mnachofanya.

Mpemba Asilia

Hapo sikubaliani. Mara ya kwanza afuatane na ami yake, amtambulishe. Familia zikijuana maneno yanakatika.

Mhasibu wa Chake

Ami akija, mzee atazungumza na ami. Nimeyaona hayo. Lakini binti anaijua familia yake kuliko sisi.

Binti wa Wete

Narudi na habari. Nilituma ule ujumbe juzi usiku pamoja na picha. Alfajiri akajibu: "Picha hazitoshi. Jumamosi saa 3 asubuhi nitakuja hapo mnapojenga. Msikwangue kitu. Niwekee kipande kilichobanduka, na uniambie chokaa yenu ilikaa majini siku ngapi."

Ami nimemwambia, amesema atapita kusalimia kisha aende zake Darajani. Sasa tatizo ni bosi: sijamwambia kama namleta mtu kuangalia kazi yake. Nimwambieje asione nimemshitaki?