Naomba ushauri: rimu za Impreza kwenye Toyota Wish, ringi za plastiki au za alumini?

Assalaam alaikum ndugu zangu. Niko Malindi, nimefunga rimu za Subaru Impreza kwenye Toyota Wish. Matundu yanalingana kabisa, 5x100, na nati nimeweka za koni zenye uzi wa Toyota, M12x1.5, maana zile za mwanzo zina washa bapa na hazikai kwenye rimu hizi.

Shida ni tundu la katikati. La rimu ni milimita 56.1, habu ya Wish ni 54.1, kwa hiyo kuna nafasi ya milimita moja kila upande na rimu inashikwa katikati na nati peke yake. Nikifika kilomita 80 kwa saa barabara ya Mombasa, usukani unatetemeka. Balansi imerudiwa, hali ni ile ile. Tairi likiwa hewani, nati zikikazwa kwa kupishana, hupungua kiasi tu.

Nataka ringi za kuziba nafasi hiyo kati ya rimu na habu, 56.1 kwa 54.1. Za plastiki nahofia joto la breki. Za alumini, chumvi ya huku pwani isije ikazigandisha kwenye habu. Waliozitumia pwani, mnanishauri zipi? Na za alumini mnazipaka grisi gani?